Neno "Ukipata" Halina Tarehe

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:10-13; Luka 6:34-35

Leo tuongee juu ya ile simu inayopigwa tarehe 28: "Dada, niokolee kidogo, nitakurudishia nikipata."

Miaka michache iliyopita binamu yangu aliniomba 40,000 za kununua mzigo wa mitumba Gikomba. Nilizituma kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, nikamwambia, "Utanirudishia ukipata." Nilidhani huo ndio upendo. Lakini mimi nilikuwa nahesabu miezi, na yeye alikuwa anahesabu kodi ya nyumba, karo na stima. Mtu wa Kayole mwenye watoto watatu "hupata" lini? Kila shilingi ikiingia ina mwenyewe tayari. Baada ya miezi minane alianza kukosa ushirika wa mtaa wiki ile unafanyika kwangu. Pesa ziliniuma, lakini kumpoteza yeye kuliniuma zaidi. Na kusema kweli hakunidanganya. Sikumpa tarehe ya kuvunja.

Wengine husema masharti kati ya ndugu ni ukosefu wa upendo. Hebu soma Kumbukumbu la Torati. Sheria inakubali mkopeshaji apewe rehani, kwa hivyo masharti si dhambi. Lakini inamkataza kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuichukua. Asimame nje, mwenyewe amletee. Deni lina mpaka, na heshima ya mdaiwa imelindwa ndani ya mpaka huo. Tusipokubaliana chochote, mimi ndiye huingia nyumbani kwake bila kubisha: naangalia amenunua sofa mpya, watoto wamevaa nini, amekula nyama lini. Tukiwa na tarehe, naulizia tarehe tu.

Shemeji yangu wa bodaboda alipokuja kuomba 20,000 za kutengeneza injini, nilikuwa nimejifunza. Kwanza niliongea na mzee wangu, kwa sababu mkopo wa siri huzaa madeni mawili: moja la pesa, lingine la ndoa. Pili tulitoa kando karo na kodi, tukajiuliza: tukizipoteza zote, ni ngapi hazitatufanya tumchukie? Jibu lilikuwa 12,000. Kama tungelazimika kukopa Fuliza ili tumkopeshe, jibu lingekuwa hapana, maana ada yake huongezeka deni likikaa, na yeye hangejua tunalipa nini kwa niaba yake.

Halafu nilimuuliza shemeji, "Kwa siku unabaki na ngapi baada ya mafuta?" Tukapanga naye kiasi anachoweza. Nikamwandikia ujumbe: "Shem, nimekutumia 12,000 leo. Utarudisha 2,000 kila tarehe 5 kuanzia Machi, mara sita. Hakuna riba. Ukikwama, niambie kabla ya tarehe 5." Akajibu, "Sawa, nimekubali." Hilo jibu ni muhimu. Bila hilo, ujumbe ni maneno yangu peke yangu.

Alilipa mara nne, yaani 8,000. Mwezi wa tano alipiga simu tarehe 3, akaniambia amegongwa, mguu una plasta. Zilikuwa zimebaki 4,000. Tulimwongezea miezi miwili. Ilipoisha, bado alikuwa anatembea kwa magongo. Hapo ndipo Luka 6 ilitufikia, ile ya kukopesha bila kutumainia kulipwa. Tulienda kwake tukamwambia waziwazi, "Zile 4,000 zimeisha. Hatukudai tena." Ukisamehe kimoyomoyo, yeye bado anakukwepa kwenye steji, kwa sababu hajui.

Utauliza: kama nilikuwa tayari kupoteza, si ningesema ni zawadi tangu mwanzo? Hapana. Shemeji hakuja kuomba sadaka, alikuja kama mtu anayefanya kazi. Masharti yalimpa nafasi ya kutimiza neno lake, na alilitimiza mara nne. Utayari wa kupoteza ulikuwa mzigo wangu, si wake. Lakini ukiona wazi mtu hana njia ya kulipa, kwa mfano ni mgonjwa na ameomba ya dawa, usimwandikie tarehe. Toa unachoweza, sema ni zawadi, na usikumbushe.

Na binamu yangu? Nilimpigia mwisho wa mwaka. Nikamwomba msamaha kwa kumnunia, kisha tukapanga 1,000 kwa mwezi. Ameshalipa 9,000. Sijui kama zile 31,000 zitafika, lakini Ijumaa iliyopita ushirika ulikuwa kwangu, na ndiye aliyepika chai.

La kutafakari nyumbani: Ni nani umemnunia kwa tarehe ambayo hukumpa?