Izimeni, Nawasihi!

Ndugu zangu, simu ikitumbukia majini, izimeni! Msipige namba kuona kama bado inaita, msifungue picha kuhakikisha zimo. Kinachoiua upesi ni umeme unaopita kwenye bodi iliyolowa: unapiga shoti, unakula shaba, na ule ukungu wa kijani mafundi wanaoujua sana unaanza kuota kwenye vipuri.

Mtazameni abiria anayeshuka kwenye dau pale Nungwi, simu ikamponyoka. Anaiokota, kioo kinawaka, anamshukuru Mungu na kuanza kumpigia mkewe. La, ndugu yangu, zima! Maji ya bahari hupitisha umeme zaidi kuliko ya mvua. Kama betri inatoka, ichomoe. Kama haitoki na kioo kimekataa kuguswa, usikazane na vitufe, maana simu nyingi ukivishikilia hujizima na kujiwasha tena. Kimbia kwa fundi aifungue. Laini itoe, ifute, itie kwenye simu nyingine, ndiyo njia ya kuzifikia pesa zako.

Ikiisha kuzimika, isuuze nje upesi kwa maji safi yasiyo na chumvi. Naam, maji juu ya maji! Chumvi ikiachwa ikauke hubaki ndani, inavuta unyevu na kuendelea kula chuma. Kisha ifute, elekeza tundu la chaja chini, ipigepige taratibu kiganjani, iache kivulini penye upepo.

Na mchele, kina mama na kina baba, urudisheni jikoni! Hauvuti maji yaliyojificha chini ya vipuri, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Mwaka 2024 hata Apple waliwaambia wateja wao wasizifukie simu kwenye mchele. Msizianike juani, msizipulizie kikausha nywele: joto huharibu gundi na betri, na upepo wa nguvu husukuma maji ndani zaidi. Chaja ndiyo iogopwe kuliko vyote. Betri ikivimba au ikipata moto, iwekeni nje mbali na watoto, wala msiitoboe.

Iliyokunywa maji ya bahari isisubiri kesho. Fundi aifungue siku hiyo hiyo, aioshe bodi kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ikiwaka bila kuoshwa msidanganyike. Kutu huweza kuimaliza wiki kadhaa baadaye.

Flashi iliyofuliwa mfukoni mwa suruali ina matumaini makubwa zaidi, kwa kuwa haina betri, na maji peke yake hayafuti kilichoandikwa ndani. Inakufa pale mwenyewe anapoichomeka ikiwa mbichi, kwa wasiwasi wa kazi yake! Isuuzeni sabuni itoke, ikung'uteni, iacheni siku mbili penye hewa. Ikisomeka, hamisheni kila kitu hapo hapo kabla ya kuichomoa.