Mpangaji Asiyelipa Kodi

Vijana wetu siku hizi wana msemo walioutoa katika Kiingereza. Wimbo ukiwakaa akilini wiki nzima, husema wimbo huo unaishi bure kichwani mwao. Mtu akiwaudhi wakashindwa kuacha kumfikiria, husema hivyo hivyo: fulani amepanga kichwani mwangu, na kodi halipi. Mashabiki wa mpira wameugeuza kuwa kejeli, kwamba timu yetu inaishi bure vichwani mwenu, maana hamwishi kuitaja. Husemwa kwa kucheka, na sisi watu wazima tukiusikia tunacheka pia.

Lakini msemo huu haukuanza na mzaha. Wamarekani wengi huuhusisha na Ann Landers, jina la kalamu la Esther Lederer, aliyeandika safu ya ushauri katika magazeti yao tangu 1955 hadi alipofariki mwaka 2002. Husemwa pia katika vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Huko maana yake ni moja tu: ukishikilia kinyongo, unampa yule unayemchukia chumba ndani ya kichwa chako, wala hakulipi chochote. Tungependa kuutazama msemo huu kwa macho ya imani, kwa sababu unasema jambo la kweli na pia unaacha jambo kubwa bila kulisema.

Ukweli wake tunaujua sote tuliowahi kupanga nyumba. Chumba kilichokaliwa hakina nafasi ya mtu mwingine. Tumfikirie mwanakwaya mmoja, mama wa makamo, aliyeambiwa na mzee wa kanisa mbele ya wenzake kwamba sauti yake inaharibu wimbo. Maneno hayo hayakuchukua hata nusu dakika. Miezi sita baadaye bado anayasikia anapoosha vyombo. Usiku anatunga jibu ambalo angempa, kisha analirekebisha, kisha anawaza mzee naye angejibu nini. Jumapili, mahubiri yanapoendelea, yeye anaangalia kisogo cha mzee yule kwenye benchi la mbele. Mzee mwenyewe alikwisha kusahau siku ile ile. Analala vizuri.

Hapa ndipo msemo unapokosea. Si kweli kwamba mpangaji huyu anaishi bure. Kodi inalipwa kila siku, ila anayeilipa ni mwenye nyumba. Mama yule analipa kwa usingizi wake, kwa furaha aliyokuwa nayo katika kuimba, na kwa masikio ambayo yangesikia mahubiri. Analipa pia kwa wanawe, wanaomwongelesha akaitikia bila kusikia. Mtume Paulo aliliona jambo hili alipowaonya Waefeso wasilale na hasira zao, akaongeza kwamba kufanya hivyo ni kumpa Ibilisi nafasi. Neno la Kigiriki alilotumia, topos, ni neno la kawaida la mahali. Hasira inayolala ndani inakuwa mahali ambapo adui anaweza kukanyaga.

Basi tufanyeje? Jibu la kwanza linalotujia ni kumfukuza mpangaji. Tunaapa: kuanzia leo simfikirii tena. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Texas walichapisha jaribio linaloonyesha mwisho wa kiapo cha namna hiyo. Waliwaomba wanafunzi waseme kwa sauti, kwa dakika tano, kila kinachopita akilini, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akija, wagonge kengele. Kengele ziligongwa tena na tena. Baadaye wanafunzi hao hao wakaambiwa sasa wanaweza kumfikiria dubu, nao wakamfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Sababu si ngumu kuiona. Ili kuhakikisha humfikirii dubu, lazima kila mara uchungulie kama yupo, na kuchungulia huko ndiko kumfikiria.

Bwana wetu alikwisha kutusimulia habari ya nyumba ya namna hii. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, pepo mchafu anamtoka mtu, anazunguka mahali pasipo maji, kisha anaamua kurudi. Anaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa. Mathayo, katika sura yake ya 12, anaongeza kwamba ilikuwa tupu. Pepo anawachukua wengine saba waovu kuliko yeye, wanaingia wote, na hali ya mtu yule inakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Hatusemi kwamba kila wazo linalotusumbua ni pepo. Tunasema kwamba kufagia hakutoshi. Nyumba isiyo na mtu humwita yule aliyetoka.

Katika jaribio lile la dubu kulikuwa na kundi jingine. Hao waliambiwa kwamba dubu akija, wafikirie gari jekundu aina ya Volkswagen. Walipewa kitu kimoja cha kushika, kile kile kila mara. Baadaye, walipoachiwa huru, dubu hakuwarudia kwa wingi kama alivyowarudia wale waliokuwa wakijizuia tu. Gari halina utakatifu wowote, lakini limetuonyesha kwamba wazo huachia nafasi pale ambapo kuna kingine cha kuikalia.

Mkristo anakalisha nini? Yesu alitaja jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu angelichagua: waombeeni wanaowaudhi. Kwa muda mrefu tumeisoma amri hii kama mzigo wa watakatifu wakubwa. Lakini tazama inavyofanya kazi kichwani mwa mama yetu wa kwaya. Haimwagizi amsahau mzee, jambo ambalo hawezi. Mzee atakuja tu, kama dubu. Amri inamwambia la kufanya naye akishafika: asimketishe kwenye kiti cha mashtaka na kuanza kesi upya, bali amshike mkono ampeleke mbele za Mungu.

Katika kitabu kikuu cha wale wanaosaidiana kuacha pombe, toleo la pili la 1955, kuna ushuhuda wa mwanamke aliyekuwa na chuki ya miaka mingi juu ya mama yake mzazi. Alishika ushauri aliousoma: kila siku, kwa wiki mbili, umwombee unayemchukia apewe yote unayoyataka wewe, hata kama maneno hayatoki moyoni. Alianza bila kuyamaanisha. Aliendelea, na chuki ikalegea. Tunaona hekima katika muda huo, kwa sababu sala moja ya Jumapili haiwezi kushindana na miezi sita ya kesi za usiku. Na tunaona hekima katika kutosubiri moyo uwe tayari. Mama wa kwaya akijua kwamba mzee ana mguu mbovu, aanzie hapo: Bwana, mponye mguu. Mtu mwenye mguu unaouma ni vigumu kuendelea kuwa sauti tu ya kichwani. Anaanza kuwa mtu.

Kuna hatari mbili ambazo lazima tuzitaje. Ya kwanza ni kutumia sala kukwepa jambo la kutenda. Wazo lingine linarudi kwa sababu limebeba kazi ambayo haijafanyika. Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka uende kwanza. Katika Mathayo 18 anamwambia aliyekosewa naye aende, wawili peke yao. Basi mama yule, baada ya kumwombea mzee, huenda atahitaji kumwendea na kusema: Mzee, shikamoo, maneno ya siku ile yaliniumiza. Na kama tuliyekosa ni sisi, wazo linalotusumbua huenda ni Roho anayedai deni halali. Tunaweza kulitambua kwa alama moja: wazo la namna hii lina kitendo ndani yake, cha kulipa, kurudisha au kuomba radhi, na kitendo kikifanyika linatulia. Kinyongo hakina kitendo. Kina kesi tu, isiyo na hukumu ya mwisho.

Hatari ya pili ni kuwahukumu wagonjwa. Wako ndugu ambao picha za kipigo, ajali au vita huwarudia bila kuitwa. Wako ambao wazo la kukufuru au la kudhuru huwajia kwa nguvu, kinyume na yote wanayoyapenda, wakalazimika kuungama dhambi ile ile mara kumi kwa siku, na amani isidumu hata saa moja. Kuwaambia hao waombe zaidi ni kuwaongezea kodi. Wanahitaji daktari wa magonjwa ya akili, pamoja na mchungaji atakayeketi nao bila kuwatisha. Na wako wafiwa. Mama aliyempoteza mtoto na kumfikiria kila siku hana mpangaji wa kufukuza. Huyo ni mwanawe, na nyumba ni yake.

Tukishayatenga hayo, linabaki swali ambalo msemo wa vijana haukuliuliza: nyumba yenyewe ni ya nani? Msemo unachukulia kwamba kichwa ni mali yangu, ndiyo maana unalalamikia kodi. Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba wao si mali yao wenyewe. Walinunuliwa kwa thamani, na miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kama ni hivyo, sisi ni watunza nyumba ya Mwingine. Aliyetukosea hakudaiwi pango na sisi, na haki ya kumweka kizuizini humo hatuna pia.

Wazee wa jangwa la Misri walisimulia juu ya ndugu aliyemwendea Abba Poimeni akilia kwamba mawazo mengi yanamwangamiza. Mzee alimtoa nje, akamwambia apanue kifua aukamate upepo. Ndugu akasema hawezi. Basi, mzee akamjibu, hata mawazo huwezi kuyazuia yasije. Kazi yako ni kuyapinga. Mama wa kwaya hatamzuia mzee asipite akilini mwake Jumapili ijayo wimbo utakapoanza. Anachoweza ni kumpokea mlangoni, kumkabidhi kwa Mwenye nyumba, na kuendelea kuimba.