Mwezi Haukutaja Jina

Mwaka jana, usiku mmoja stima ilipopotea Tezo nzima, rafiki yangu ninayeishi naye aliniomba nimtolee kadi. Huwa nasoma taroti kwa shilingi 200. Ni kibarua kimojawapo tangu niache chuo mwaka wa pili, kingine ni huku kuandika. Nilimwambia yeye asilipe. Akakataa, akatuma kwa M-Pesa palepale, ati biashara ni biashara.

Swali lake lilikuwa lile ambalo wateja wangu wengi huleta. Jamaa wake wa Mtwapa alikuwa haeleweki. Wiki moja anakuja na samaki wa kupaka na maneno matamu, anaongea habari ya kuhamia pamoja. Wiki inayofuata unaona tiki za buluu tu, na jibu baada ya siku mbili: "Sawa." Akija, simu inalazwa kifudifudi mezani. "Nisomee yeye," akasema. "Mimi najijua."

Nikapanga kadi tatu: ya kwanza yeye, ya pili jamaa, ya tatu kilicho kati yao. Upande wake ikatoka Mbili ya Vikombe, mwanamke na mwanamume wakipeana vikombe. Kati yao ikatoka Nne ya Fimbo, ile yenye shada la maua na watu wakisherehekea mbele ya nyumba. Na pale pa jamaa, Mwezi.

"Kuna kitu anaficha," nikasema. Sikufikiria hata sekunde tano.

Kama hujawahi kuiona, hii ni kadi namba 18 kati ya zile 22 kubwa. Ninayotumia ni ile michoro ya Pamela Colman Smith, iliyotolewa London mwaka 1909. Juu kuna mwezi wenye uso wa mtu. Chini mbwa na mbwamwitu wanaubwekea, na kutoka kwenye kidimbwi anachomoza mnyama wa magamba, kama kambakoche mdogo. Kinjia kinapita katikati ya minara miwili na kupotelea milimani. Arthur Waite, aliyeagiza michoro hiyo, aliorodhesha maana zake katika kitabu chake cha 1911. Humo kuna maadui waliofichika, kuna udanganyifu, na pia kuna kosa. Wasomaji wengi, mimi nikiwemo, tunapenda hayo mawili ya kwanza. Hilo la tatu tunaliruka, kwa sababu linauliza kosa ni la nani.

Angalia tena mchoro. Hakuna mtu ndani yake. Katika Saba ya Panga utamwona mwizi kabisa, ananyata na panga tano mkononi huku akitazama nyuma. Hiyo ukiitoa upande wa mpenzi wa mtu, angalau una mchoro wa mtu anayefanya hila. Mwezi hauna mtuhumiwa. Una mwanga tu, na wanyama wawili wanaoubwekea, mmoja wa nyumbani na mmoja wa mwituni, ambao kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Aliyelala kijijini bila stima analijua hilo vizuri. Giza totoro halidanganyi mtu, unajua huoni, kwa hivyo unapapasa. Mbalamwezi ndiyo hukuonyesha mtu amesimama chini ya mkorosho, ukamsalimia, kumbe ni kisiki.

Kwa hivyo Mwezi ukitoka upande wa jamaa, unachoweza kusema kwa haki ni kwamba dalili zake hazisomeki kutoka hapa ulipokaa. Kwamba anaficha kitu ni sentensi nyingine kabisa, na mimi niliitamka kana kwamba imeandikwa kwenye kadi.

Kuna hesabu ndogo hapa ambayo sisi wasomaji hatuipendi. Kadi ziko 78. Ukitoa tatu, Mwezi una nafasi moja kati ya 26 ya kuwa mojawapo, awe jamaa ni malaika au tapeli. Na anayekuja kuuliza habari za mapenzi ni nani? Ni yule ambaye tayari ana mashaka, maana anayejibiwa ujumbe wake vizuri halipi 200 kuuliza. Basi Mwezi ukimtokea, lazima umguse. Atasema "Wallahi umesema kweli," nawe utaamini una kipaji. Bado nadhani kadi zina kazi, humfanya mtu atamke alichokuwa akikizungukazunguka. Lakini hiyo ni kazi juu ya aliyekaa mbele yako. Yule wa Mtwapa hakuwepo, hakuulizwa, na hakuwa na nafasi ya kujitetea.

Hapa Kilifi jambo hili si la mzaha. Tunajua kinachotokea mtu akiambiwa na mpiga ramli kwamba kuna mtu wa karibu mwenye nia mbaya iliyofichika. Jina huenda lisitajwe, lakini aliyeambiwa hufika nyumbani nalo kichwani. Wazee wameuawa katika kaunti hii kwa tuhuma za uchawi zilizoanza na mashaka kama hayo, na Kaya Godoma kule Ganze imewahifadhi waliokimbia makwao. Silinganishi mpenzi aliyeachwa na mzee aliyekatwa panga. Nasema mlango ni uleule: unafasiri nia ya mtu asiyekuwepo, kisha unamkabidhi jibu mtu mwenye uchungu.

Rafiki yangu alimpigia simu usiku huohuo. Nilimsikia kupitia ukuta. Hakuuliza, alihukumu. Yakaisha.

Miezi miwili baadaye dada ya yule jamaa alimwambia kwamba kaka yake alikuwa amefutwa kazi wakati ule, na madeni ya mikopo ya simu yalikuwa yakimpigia mchana kutwa. Ndiyo maana ya simu kulazwa kifudifudi. Labda. Inawezekana pia alikuwa na mwanamke mwingine, madeni na mwanamke hukaa pamoja vizuri tu. Mimi sijui mpaka leo.

Ninachokijua ni kingine. Ile Nne ya Fimbo, kadi ya nyumba na sherehe, ilitoka katikati kabisa na mimi niliipita kwa nusu sentensi. Kwa mteja mwingine ningekaa nayo dakika kumi. Lakini nyumba yetu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, yeye hutoa 3,000, na jamaa alikuwa akiongea habari ya kuhamia pamoja. Sikukaa nikapanga kumdanganya. Naapa wazo hilo halikupita kichwani kwa maneno. Lakini nia iliyofichika si lazima mwenyewe aione, na usiku ule kwenye ile baraza mtu aliyekuwa na sababu ya kutaka wawili hawa waachane alikuwa mimi.

Siku hizi kabla ya kutoa kadi huwa najiuliza nitapata nini jibu likienda huku, na nitapoteza nini likienda kule. Nikikuta kitu, namwambia mteja, au namwambia aende kwa msomaji mwingine. Na Mwezi ukitoka upande wa mpenzi, naurudisha kwa muulizaji: ni kitu gani ulichokiona kwa macho, na ni kipi ulichojazia mwenyewe? Kwa kawaida orodha ya kwanza huwa fupi mno. Wateja wengine hukasirika, wanataka walichokilipia.

Nilimwambia rafiki yangu habari ya kodi tukiwa tunafua nguo. Alinyamaza muda mrefu, akasuuza shuka lote, akalikamua. Halafu akanyoosha mkono wenye povu.

"Leta 200 yangu."

Nikamtumia. Jioni akapika, tukala, hatukuongea sana. Kodi ya mwezi ule tulilipa nusu kwa nusu.