Mshahara wa Mwezi wa Mei

Swali lenyewe ni fupi: nyumba ya likizo ikikaa mwezi mzima bila mgeni, anayeitunza alipwe kwa nini? Mimi hukaa Lanet, Nakuru, na kwa simu yangu nasimamia nyumba ya vyumba vitatu iliyoko Watamu. Mwenye nyumba pia ni wa Nakuru, mwalimu mstaafu. Alinunua kiwanja kule wakati bado kilinunulika na akajenga polepole kwa mkopo wa sako. Mtunzaji ni mzee wa Kigiriama anayeishi kwenye chumba kilicho nyuma ya nyumba. Mimi natafuta wageni na kupanga bei, yeye anashika funguo, na Mama anamiliki. Sote watatu tunakula kutoka sufuria moja, na sufuria hiyo huwa tupu mwezi wa Mei.

Ambaye hajawahi kufanya kazi ya Pwani anaweza kudhani bahari ina watu mwaka mzima. Haina. Watu wa bara huteremka shule zikifungwa, yaani Aprili, Agosti na Desemba. Wazungu huja hasa wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na wengine Julai na Agosti. Halafu kusi inashika, masika inamwaga maji, bahari inachafuka, na hata hoteli kubwa kadhaa hufunga milango Mei na Juni. Hivi ndivyo mwaka mmoja wa nyumba yetu ulivyokuwa: Desemba usiku 24, Januari 14, Februari 10, Machi 9, Aprili 13, Mei sufuri, Juni 2, Julai 12, Agosti 21, Septemba 6, Oktoba 5, Novemba 4. Jumla ni usiku 120. Zaidi ya theluthi yake iliangukia Desemba na Agosti.

Mama aliangalia orodha hiyo akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, "mwezi wa Mei hakuna mgeni hata mmoja. Huyu mzee analipwa kwa kazi gani?" Pendekezo lake lilikuwa kwamba badala ya mshahara wa 18,000 kila mwezi, mzee apewe 1,800 kwa kila usiku wenye mgeni. Piga hesabu uone. Usiku 120 mara 1,800 ni 216,000 kwa mwaka, na 18,000 mara miezi 12 ni 216,000. Ni pesa ile ile, hakuna aliyeibiwa hata shilingi. Na si Mama peke yake anayewaza hivyo. Nyumba nyingi za likizo huwalipa wafanyakazi wake kwa mtindo huo, na wenye nyumba huuona kuwa haki tupu: kazi ikiwepo, pesa ipo.

Nilikaa na hesabu hiyo siku kadhaa kwa sababu nilihisi ina kasoro na sikuweza kuionyesha. Jumla inalingana kabisa, lakini mtu hali jumla ya mwaka. Kwa mpango wa Mama, Desemba mzee angepokea 43,200, Mei asipate kitu, na Juni apate 3,600. Mei ndipo shule hufungua muhula wa pili na karo inadaiwa. Angekopa dukani na kwa majirani, na Agosti ikifika pesa yake ingekuwa na wenyewe tayari. Tena hizo usiku 120 si ahadi. Mwaka wa 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje mwezi wa Machi, na Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Kilifi. Mwaka mzima ukageuka kuwa Mei. Mtu anayelipwa kwa usiku ndiye anayebeba hasara ya namna hiyo, ilhali yeye hapangi bei, hachagui wageni, na hana usemi juu ya mvua wala virusi.

Hata hivyo kasoro kubwa haikuwa hapo. Ilikuwa kwenye yale maneno, "kazi gani?" Nilipanda basi la usiku hadi Mombasa, nikachukua matatu ya Malindi, nikashuka Gede na kumalizia kwa tuktuk. Ilikuwa katikati ya Mei. Nikashinda na mzee siku nne nikiangalia nyumba tupu inavyotunzwa.

Asubuhi hufungua madirisha yote mvua ikikatika, na huyafunga kabla haijarudi. Magodoro huyasimamisha ukutani ili hewa ipite pande zote, kwa sababu ukungu huanzia upande wa chini usioonekana. Milango ya kabati huiacha wazi. Friji imezimwa na mlango wake umetegwa kwa kipande cha mti usijifunge, maana friji iliyozimwa ikifungwa hunuka ndani ya siku chache, na harufu hiyo haitoki upesi. Kila baada ya siku chache huvuta maji chooni na kufungua bomba zote, pamoja na la bafu la juu lisilotumika. Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba chini ya kila sinki na kila shimo la bafu bomba limepinda, na maji yanayobaki kwenye kona hiyo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo la maji taka isipande. Yakikauka, nyumba nzima inanuka choo na mgeni anadhani haijaoshwa.

Bawaba za milango huzipaka mafuta, kwa sababu upepo wa chumvi hula chuma hata kama hakuna anayefungua mlango. Saa sita mchana, jua likitokea, huingia chini ya paa la makuti, akalala chali sakafuni na kutazama juu. Kila panapoonekana nukta ya mwanga ndipo patakapovuja. Huhesabu, hukumbuka, kisha hupanda na makuti mapya kuziba. "Kijana," aliniambia akiwa bado amelala vile, "paa halisubiri mgeni. Likivuja Mei, Desemba utaiona boriti imeoza."

Kumbe Desemba tunauza kazi ya Mei. Yule mgeni anayelipa 15,000 kwa usiku analipia godoro lisilo na ukungu na bafu lisilonuka, na vitu hivyo vilitengenezwa wakati hakuna aliyelala pale. Wafugaji wetu wa Njoro na Molo wanalijua jambo hili bila kuandikiwa. Ng'ombe hukaushwa kama siku 60 kabla hajazaa. Siku hizo hatoi hata tone, lakini hakuna mfugaji mwenye akili anayemnyima majani kwa sababu ndoo ni tupu, maana namna anavyolishwa akiwa amekauka inaonekana kwenye maziwa baada ya kuzaa. Mtu si ng'ombe, najua. Lakini inashangaza tukimtendea mtu kwa hesabu ambayo hata kwa ng'ombe tungeiona ya kijinga.

Kuna jambo jingine, na hili linahusu uaminifu. Kila Ijumaa mzee hunitumia picha ya mita ya stima. Nyumba ikiwa tupu hula kama yuniti 2 kwa siku: taa za nje, intaneti, na pampu kidogo. Wiki moja zikapanda hadi 9. Mama alisema papo hapo, "Ameweka wageni wake." Mzee akafuata bomba akakuta limepasuka chini ya ardhi, na pampu ilikuwa inafanya kazi usiku kucha ikimwagilia mchanga. Shuku ile ilikuwa ya uongo, lakini fikiria ingekuaje kama Mei hangekuwa analipwa. Umemwachia mtu funguo za vyumba vitatu, umemwachia na njaa, halafu unashangaa akimlaza mgeni wa kichinichini? Mpango wa kulipa kwa usiku ungemtia mzee kwenye jaribu, na sisi tungekaa Nakuru tukimhukumu kwa kutazama mita.

Mama aliniuliza swali zuri ambalo siwezi kuliruka: "Na wewe je?" Mimi nalipwa komisheni, asilimia 15 ya kila buking. Mei napata sufuri na silii. Yeye mwenyewe Mei analipa mkopo wa sako kama kawaida. Kwa nini mmoja kati yetu akingwe na wawili wanyeshewe?

Jibu langu ni hili. Mei yangu ni yangu. Naandika, nachukua vibarua vingine, nikitaka nalala mpaka saa tano, na nyumba ya Watamu haina neno. Mama naye amebeba hasara, lakini nyumba ni yake, na ikipanda thamani faida itakuwa yake. Mzee hana hiyo nafasi. Mei, kama Desemba, lazima alale pale kila usiku. Hawezi kwenda kuvua wala kuchukua kibarua cha mbali, kwa sababu sisi tumesema nyumba isiachwe. Mtu anayefungwa na nyumba alipwe na nyumba, awe na mgeni au asiwe naye. Malipo yafuate dai letu juu ya muda wake, yasifuate kitanda kama kimelaliwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inaelekea upande huo huo: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi au zaidi, ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi.

Pesa inatoka wapi? Mwezi mtupu unagharimu kama 30,000: mshahara 18,000, stima na maji 5,000, intaneti 3,000, dawa ya mchwa na vifaa 4,000. Mei na Juni ni 60,000. Ukiweka kando 2,500 kutoka kila usiku wa zile 24 za Desemba, umezipata zote kabla mwaka haujaanza. Mama alikubali. Pesa hiyo sasa huhamishwa siku ile ile mgeni anapolipa, kwa sababu ikikaa hadi Januari inageuka kuwa rangi ya ukuta. Na likizo ya mzee, zile siku 21 ambazo sheria inampa kila mwaka, tumeiweka Juni, na mpwa wake analipwa kulala pale.

Lakini kanuni yangu ina mahali inapoishia. Dada anayepika na kufua huja mgeni akiwepo tu, na hulipwa kwa siku. Hatumfungi: Mei yuko huru, kwa hiyo kwa kanuni yangu hatumdai na hatudai. Tumempandishia malipo ya siku na tunamwarifu wiki moja mapema. Nikamwambia Mama hiyo ni haki. Ila Mei nyumba zote za Watamu ni tupu kwa pamoja, na uhuru wa kwenda kutafuta kazi mahali ambapo hakuna kazi ni uhuru wa aina gani, sijui. Juni iliyopita aliniandikia WhatsApp akiuliza kama kuna mgeni yeyote, hata wa usiku mmoja. Nilikuwa na mtu aliyetaka nyumba kwa 4,000, bei ambayo baada ya kufua, stima na uchakavu haimwachii Mama kitu. Nilimkubali yule mgeni. Kwenye vitabu vya nyumba uamuzi huo hauna maelezo, na bado natafuta kanuni itakayouelezea.