Muulizeni Mzee Anatafunaje

Wanangu, hili nimelisema mara nyingi, na leo nalisema tena polepole. Mtu aliyevuka miaka 50, hasa wa 70 na kuendelea, akianza kuumwa panja kwa namna asiyoizoea, msimpe vidonge vya maumivu mkamlaza. Kwanza muulizeni anatafunaje.

Mfikirieni bibi wa miaka 74. Kwa wiki tatu panja la kulia linamuuma, na kitana kikigusa ngozi ya kichwa anaguna. Akila nyama, matonge ya kwanza yanapita vizuri, kisha taya linachoka na kuuma mpaka anaacha. Akipumzika kidogo maumivu yanaisha. Akitafuna tena, yanarudi. Wajukuu wanataka kumpeleka kung'oa jino. Lakini jino bovu huuma kwa maji baridi, huuma usiku, hata mdomo ukiwa umefungwa. Taya linalouma likifanya kazi na kutulia likipumzika, limekosa damu.

Kinga ya mwili wake imezishambulia kuta za ateri za kichwa, zikavimba, njia ya damu ikawa nyembamba. Misuli ikitulia, damu hiyo kidogo inaitosha, ikitafuna, haiitoshi. Ugonjwa huohuo huziba vijiateri vinavyolisha neva ya jicho, na jicho halina pa kupumzikia. Bibi anasema juzi pazia jeusi lilifunika jicho moja kwa dakika chache, likaondoka. Wanangu, hilo ni onyo la mwisho. Neva ikifa kwa kukosa damu, kuona hakurudi kwa kawaida, na jicho la pili laweza kufuata katika siku au wiki chache.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa Ulaya ya kaskazini, kwetu hauonekani mara nyingi, ndiyo maana hausadikiwi upesi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Daktari ataupapasa mshipa wa panja, aone kama umekuwa mgumu, unauma au umepoteza mapigo, na atapima damu ESR na CRP. ESR hupanda pia kwa kifua kikuu na upungufu wa damu, na mara chache hubaki ya kawaida ugonjwa ukiwepo.

Shaka ikiwa kubwa, dawa haingoji majibu. Prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 hadi 60 kwa siku, huanzishwa palepale. Macho yakiwa yameshaguswa, mara nyingi huanza na sindano ya steroidi ya mshipani. Kipande cha ateri kikikatwa kupimwa ndani ya wiki moja au mbili, alama za ugonjwa kwa kawaida bado huonekana. Kichwa kikitulia baada ya siku chache, bibi asiache vidonge. Daktari atavipunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi, huku akichunga sukari, presha na mifupa yake.

Basi msinunue dawa hiyo dukani kwa kubahatisha. Mkifika kwa daktari, semeni wazi: ana miaka 74, panja limeanza kuuma, na taya linachoka akitafuna. Semeni leo.