Paka, Kaka, Taka

Kusini mwa mji wa Pangani, ng'ambo ya mto, kuna kijiji cha wavuvi alikokulia mtoto ambaye hapa tutamwita Sudi. Akiwa na miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu, baba yake alikuwa anamwachia meza ya samaki bila wasiwasi. Fungu la vibua lilikuwa shilingi 2,500. Mteja akichukua mafungu matatu na kutoa noti ya 10,000, Sudi alishika chenji mkononi kabla samaki hawajaingia mfukoni. Alijua siku za bamvua na siku za maji mafu, na hadithi aliyosimuliwa usiku aliirudia asubuhi bila kuacha kipande. Lakini kitabu cha darasa la kwanza kilimtoa jasho.

Kwa miaka miwili ya kwanza hakuna aliyegundua, kwa sababu Sudi alikuwa na njia ya kujisitiri. Wenzake waliposoma kwa pamoja, yeye alisikiliza na kukariri. Mwalimu alipomsimamisha, aliangalia picha, akautoa ukurasa mzima kichwani. Maandishi ya ubaoni aliyanakili kwa mwandiko safi kuliko wengi darasani, ila ukimwambia asome alichoandika, alikaa kimya. Darasa la tatu likamfichua. Hapo mtoto hatazamiwi tena kujifunza kusoma. Anatazamiwa asome ili ajifunze mambo mengine, na vitabu vimejaa maneno ambayo hayana picha. Ripoti ya shule ikaandikwa: mvivu, hana bidii. Sudi akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu.

Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa hukumu. "Wifi, mtoto umemdekeza. Kwetu mtoto asiyeshika kitabu hachapwi na mwalimu peke yake." Fimbo ikaingia nyumbani. Sudi akachapwa kwa kutosoma, kisha akachapwa kwa kutoroka shule kwenda pwani, na kusoma kukabaki palepale. Fimbo iliposhindwa, lawama ikageuka. Shangazi akakumbusha kwamba mama Sudi alipokuwa na mimba alikwenda kwao bila kuaga wazee wa mumewe, akasema mtoto amebeba laana ya radhi iliyokosekana.

Mama naye alikuwa na ndugu zake, na hapa ndipo wazazi hawa walipoteleza. Badala ya kuuliza mtoto ana shida gani, kila upande ulitafuta laana kwa upande wa pili. Mjomba akasema ukoo wa baba una mzimu uliodai ada yake siku nyingi. Ramli ya kwanza ikataja mzimu huo. Ya pili ikamtaja jirani mwenye husuda. Ya tatu ikarudi kwa mama. Kila ramli ilikuwa na gharama yake: beberu mweusi, kitambaa, ubani, kuku, na fedha taslimu ambazo zilikuwa mtaji wa samaki. Sudi alichanjwa chale kifuani na kuvishwa hirizi. Mwaka mzima na zaidi ukapita hivyo. Baba na mama hawakuwa wakizungumza ila kwa kupitia watoto, na usiku mmoja Sudi alimsikia baba yake akisema kwamba tangu mtoto huyu azaliwe nyumba haijatulia. Mtoto wa miaka kumi husadiki maneno ya namna hiyo. Alimwambia mdogo wake asikae karibu naye, asije akaambukizwa.

Hayo ndiyo madhara ambayo hakuna mganga aliyeyahesabu, na kwangu ni mazito kuliko beberu na mtaji. Mtoto aliyeshindwa kusoma anaweza kufundishwa. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba yeye ni mkosi wa nyumba yao hafungui hata kitabu anachokiweza.

Mambo yalianza kubadilika pale shuleni alipohamia mwalimu aliyesomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Hakuanza na kitabu. Aliwauliza wazazi maswali ambayo hakuna aliyekuwa amewauliza: uzazi ulikuwaje, mtoto alipata degedege au malaria ya kupanda kichwani, masikio yaliwahi kutoa usaha, alianza kusema lini? Kisha akawatuma hospitali ya wilaya Sudi akapimwe macho na masikio. Hatua hii hairukwi, maana mtoto asiyeona ubao au asiyesikia tofauti ya sauti anaweza kuonekana ana tatizo la kusoma, kumbe dawa yake ni miwani au kutibiwa sikio. Macho ya Sudi yalikuwa mazima na masikio yalikuwa mazima.

Ndipo mwalimu akacheza naye mchezo wa midomo tu, bila karatasi. "Sema paka. Sasa ondoa sauti ya kwanza, weka k." Mtoto wa darasa la pili hujibu kaka, na ukimpa t husema taka, huku akicheka. Sudi alifikiri muda mrefu, akasema "nyau". Alikuwa ameshika maana ya neno. Sauti zake hakuzishika. Mwalimu akaandika maneno yasiyokuwapo duniani, kama lupemo na zadiki, ili asipate cha kukisia wala cha kukariri. Anayejua kusoma huyatamka tu. Sudi hakumaliza hata moja. Mwishowe akamsomea hadithi ndefu na kumuuliza maswali kwa mdomo, na Sudi akayajibu yote.

Picha hiyo, yaani akili nzima, macho na masikio mazima, na kukwama kwenye sauti zinazounda maneno, inaitwa disleksia. Katika Kiswahili huwa rahisi kuikosa. Lugha yetu ina huruma kwa msomaji: herufi nyingi zina sauti moja isiyobadilika, na mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu anaweza kusonga mbele. Kwa hiyo mwenye disleksia hapa mara nyingi hufika, ila hufika akiwa amechoka, neno kwa neno, na hugonga mwamba pale konsonanti zinapofuatana: mbwa, mchwa, nyanya, ng'ombe, swali. Akiona mwanangu atasema mwalimu, kwa kuwa mwanzo unafanana. Kugeuza b na d peke yake si ushahidi. Watoto wengi wanaoanza shule hugeuza na huacha wenyewe. Cha kutiliwa maanani ni ugumu wa sauti unaodumu baada ya wenzake kuvuka.

Wala si jambo la Pangani peke yake. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa hodari wa hesabu lakini hakuweza kusoma maneno mepesi, na mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angewapita wote shuleni. Mama Sudi aliposomewa habari hiyo alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mwalimu alieleza jambo jingine: disleksia hufuata damu. Mara nyingi ukitafuta katika ukoo utampata mzazi, mjomba au baba mkubwa aliyepambana na kusoma. Kikao cha familia kilipoitishwa, shangazi aliposikia neno damu alisimama. "Si ndiyo tulichosema? Laana inafuata damu." Kwa muda ilionekana elimu yote ya mwalimu imegeuzwa kuwa ushahidi wa ramli.

Aliyejibu ni baba mkubwa wa Sudi, fundi wa majahazi anayeheshimiwa, mtu ambaye kila apewapo karatasi husema miwani ameisahau nyumbani. Alianza shule mwaka 1978, siku zile Serikali ilipokuwa imeagiza kila mtoto aandikishwe. "Dada," alisema, "na mimi nilipelekwa kwa mganga. Ulinishika mkono wewe. Sijui kusoma mpaka leo. Hiyo miwani sina." Akaeleza jinsi anavyokadiria mbao za jahazi zima kwa kichwa na kamba, na jinsi alivyotia saini mkataba wa mkopo asioujua, akapoteza mashua. Shangazi alilia. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimpenda mtoto na aliogopa, na mtu mwenye hofu hushika maelezo yaliyo karibu naye.

Tangu siku ile wazazi walikubaliana mambo mawili mbele ya ndugu. Dua ya kumwombea mtoto ingeendelea, bila chale na bila malipo. Na hakuna ambaye angetamka neno laana Sudi akisikia. Kwa shangazi walimtafutia kazi: kila jioni akae na mtoto dakika ishirini, kwa kuwa yeye ana subira na nafasi. Nadhani huo ndio uamuzi wao bora kuliko yote. Ndugu asiye na la kufanya hubaki na la kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo na ya kujirudia. Mwalimu aliandika herufi juu ya vizibo vya soda. Sudi alisogeza kizibo kimoja kwa kila sauti: p, a, k, a, kisha akatoa p na kuweka k. Aliandika mchangani kwa kidole huku akitamka sauti kwa nguvu, ili mkono, sikio na jicho vifanye kazi pamoja. Silabi ngumu zilikuja moja moja. Mbw haikuguswa mpaka mb na bw zimetulia. Siku aliyochoka, waliacha. Shuleni mwalimu wa hesabu alimsomea maswali ya mafumbo kwa mdomo, naye akaanza kuyapata.

Hakupona, maana disleksia si ugonjwa wa kupona. Baada ya miezi mingi alisoma aya fupi kwa ukakamavu, bado polepole, na kwenye mtihani muda humwishia kabla ya maswali. Darasani ni wanafunzi wengi, na mwalimu yule mmoja hawezi kukaa na kila anayekwama. Ule muda wa ramli haukurudi pia: wenzake walikuwa wamemtangulia, na mpaka leo akikosea neno moja huangalia kwanza uso wa baba yake.

Mdogo wake alipotimiza miaka mitano, shangazi ndiye aliyegundua kwamba hawezi kupiga makofi kufuata silabi za jina lake mwenyewe, na kwamba nyimbo za vina humchanganya. Kwa umri huo huenda ni kuchelewa tu. Hawakusubiri kujua. Shangazi alimpeleka kwa mwalimu wiki ileile, na vizibo vya kaka yake vikatolewa kabatini.