Noti Iliyozidi

Jioni moja mjini Dodoma, jirani na Soko la Majengo, muuza duka mmoja alifunga hesabu yake: chenji aliyoanzia asubuhi ilikuwa shilingi 20,000, mauzo ya daftarini 84,500, lakini sandukuni mlikuwa na 114,500. Akahesabu tena, akilowesha kidole, hata akamkumbuka bibi mmoja wa Kigogo aliyenunua sukari, ambaye noti zake mpya za elfu kumi huenda ziligandamana mbili. Kuitia noti ile mfukoni kulikuwa sahali, maana hapakuwa na shahidi. Nami, nakiri, ningetafuta udhuru. Yeye aliitia katika bahasha, akaandika tarehe, wala hakuigusa hata alipopungukiwa na fedha ya kununulia mchele wa duka.

Siku ya nane bibi akaja. Muuza duka hakumtajia kiasi, bali alimwuliza, “Shikamoo bibi. Juma lililopita ulipotoka hapa, ulipotewa na nini?” Akajibu sawasawa, akapewa bahasha. Ndivyo iagizavyo Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22: kilichompotea mwenzio, ikiwa humjui au yu mbali, kikae kwako hata aje kukitafuta, ndipo umrudishie.